Hela, gereza, simu: neno limeingia kwa mlango upi?

*Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu hapa Morogoro. Nataka wanafunzi wangu watengeneze orodha ya maneno ya mkopo na kuyapanga kwa nyanja: biashara, dini na teknolojia. Tatizo ni kwamba orodha ninazozikuta zimepangwa kwa lugha tu, tena zinapingana. Moja inasema "pesa" ni Kireno, nyingine Kihindi. Moja inasema "duka" ni Kiarabu, nyingine Kiajemi. Nimfuate nani, na kwenye kila nyanja niweke nini?*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Orodha zako hazigombani kama unavyodhani. Zinajibu maswali mawili tofauti bila kusema ni lipi. Swali la kwanza ni neno lilizaliwa wapi. La pili ni lilipita mlango upi kuingia kwetu. Chukua "askofu". Wagiriki walisema *episkopos*, Waarabu wakalifanya *usquf*, nasi tukalipokea kutoka kwa Waarabu. Anayeandika "Kigiriki" yuko sahihi kuhusu asili, na anayeandika "Kiarabu" yuko sahihi kuhusu mlango. Mwanafunzi akiyakuta majibu yote mawili bila maelezo, atadhani mmoja wao ni mwongo.

"Duka" ni hivyo hivyo, ila gumu zaidi. Waarabu wana *dukkan*, Waajemi na Wahindi wana *dukan*, na wote hao wamefanya biashara kwenye pwani yetu. Umbo la neno haliwezi kuamua peke yake. Hapo mimi huandika milango yote na kuendelea na safari. Kwa hiyo katika orodha ya wanafunzi wako tenga safu mbili, ya mlango na ya asili, na usahihishe zaidi safu ya mlango, kwa sababu ndiyo inayohusiana na historia yetu wenyewe.

Wazo lako la kupanga kwa nyanja ni zuri kuliko la kupanga kwa lugha, kwa sharti moja: ndani ya kila nyanja muulize ni nani aliyekuwa akiishika shughuli ile wakati jambo lile linaingia. Neno huja na mtu mwenye bidhaa, mwenye chombo au mwenye kitabu.

Tuanze na biashara. Siku ya kwanza ya somo waandikie ubaoni bei ya kitu, kwa mfano shilingi laki tatu na elfu ishirini na tano, kisha uwaache waivunjevunje. "Shilingi" imetoka kwa Waingereza, "laki" ni ya Wahindi, "elfu" na "ishirini" ni za Waarabu, na "tatu" na "tano" ni za Kibantu, tumezaliwa nazo. Mtu anataja bei ya kitanda sokoni na hana habari kwamba amepita nchi tatu. Ukiwa hapo kwenye hesabu, waoneshe pia kwamba "sita", "saba" na "tisa" ni Kiarabu, na kwamba hazikuingia mahali patupu. Tisa ilikuwa "kenda", na wazee wangali wanaitumia. Saba ilikuwa "fungate", ndiyo maana siku za mapumziko za maharusi, ambazo zilikuwa saba, zinaitwa fungate mpaka leo. Neno la zamani halikufa, lilihamia arusini.

Ukitoka kwenye hesabu, angalia vitenzi kwanza. Kuuza, kununua, kulipa na kukopa havikukopwa popote. Kulikuwa pia na "kugula", yaani kununua, ambayo imebaki katika lugha nyingi za jirani zetu wa Kibantu, na kwetu imeacha mtoto mmoja, "gulio", lile soko la siku maalumu. Hii ina maana watu wa pwani walikuwa wakiuziana kabla ya mgeni yeyote kutia nanga. Walichokopa ni majina ya mambo yanayoizunguka biashara kubwa: bidhaa, thamani, faida, hasara, deni, dhamana, rehani, mizani, hesabu, soko, dalali, ushuru, tajiri. Yote hayo ni ya mlango wa Kiarabu. Ukiyatazama utaona ni lugha ya daftari na ya mkataba, lugha ya mtu anayemkopesha mwenzake mali ya safari ya miezi.

Mawili kati ya hayo yanafaa kusimuliwa darasani. "Tajiri" kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu, awe na kitu au asiwe nacho. Kwetu akageuka kuwa mwenye mali, na kwa dereva wa daladala tajiri ni mwenye gari, hata kama ana gari moja bovu. "Ushuru" umetokana na sehemu ya kumi. Leo hakuna anayekumbuka kumi yoyote. Ushuru wa geti sokoni hauna uhusiano na fungu la kumi. Neno likishaingia halifuati tena maana ya kwao.

Kisha kuna Wahindi, ambao wengi huwasahau kwa sababu maneno yao hayana sauti za kuwatambulisha haraka kama za Kiarabu. "Laki" tumeshaiona. "Hundi" ilikuwa karatasi ya malipo ya wafanyabiashara wa Kihindi: mtu wa Bombei anaandika, mtu wa Unguja analipa. Benki zilipokuja na karatasi zao, Kiswahili kilikuwa na jina tayari. "Bima" pia imepitia India, ingawa wenye kuichimba zaidi huifikisha kwa Waajemi, kwenye neno la hofu. "Gunia" ni la huko huko.

Sasa pesa. Wanaosema Kireno huongozwa na kufanana kwa sauti na *peso*. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu si sauti bali ni sarafu zenyewe. Rupia ya India ilikuwa na *paisa* 64, na rupia hiyo ndiyo iliyotumika pwani yetu katika karne ya 19. Sultani Barghash wa Zanzibar alipotengeneza sarafu zake za shaba, zenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani takriban 1882, zilikuwa pesa. Wajerumani walipoanza kutoa fedha zao Tanganyika mwaka 1890 walifuata mtindo ule ule: rupia moja, pesa 64. Kwa hiyo kuna kitu kinachoshikika, chenye jina hilo, kwa thamani hiyo hiyo, kilichotoka India mpaka mikononi mwa watu wetu. *Peso* haina ushahidi wa namna hiyo. Ukipata neno lenye madai mawili, fuata kitu, usifuate mlio.

Na hapo hapo ndipo ilipozaliwa hela, ambayo kwangu ndiyo mfano bora kuliko yote kwa darasa lako kwa sababu ina tarehe. Mwaka 1904 Wajerumani waliachana na hesabu ya pesa 64, wakaigawa rupia katika *Heller* 100. Sarafu ndogo mfukoni mwa mtu wa Tanganyika ikawa hela. Baada ya Vita vya Kwanza Wajerumani wakaondoka, na mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza. Sarafu ya hela ikatoweka kabisa, lakini neno likabaki na kupanda cheo: kutoka sehemu ya mia ya rupia hadi kuwa fedha zote. Angalia jinsi pesa nayo ilivyopanda ngazi hiyo hiyo, kutoka sehemu ya 64. Kinachopanda ni jina la sarafu ndogo, kwa sababu ndiyo maskini anayoishika kila siku.

Mipaka ya hela inakupa ramani. Imeenea Tanzania, ilikokuwa koloni la Mjerumani. Mkenya atakuelewa, lakini mwenyewe atasema pesa. Ukienda Bujumbura au Lubumbashi utasikia faranga, kwa sababu huko mlango ulikuwa wa Kibelgiji na Kifaransa. Vivyo hivyo "shule", ambayo ni ya Kijerumani: Unguja, ambako Mjerumani hakutawala, hadi leo wanasema "skuli", kutoka Kiingereza. Shule imekwisha kusambaa mpaka Kenya, kwa hiyo ramani yake haiko safi kama ya hela, lakini skuli ya Unguja inatosha kuonesha njia.

Usiache thumuni. Kwa Kiarabu ni sehemu ya nane, kama robo ilivyo sehemu ya nne. Kizazi cha wazazi wangu kiliita senti 50 thumuni, na senti 50 ni nusu ya shilingi, si sehemu ya nane. Jina lilikuwa la fedha ya zamani, likahamishiwa kwenye sarafu mpya. Wanafunzi wakikuuliza kwa nini hesabu haikubali, wameanza kuelewa somo.

Katika dini kuna jambo linalowashangaza wengi: Wakristo wanasali kwa maneno ya Kiarabu. Dhambi, toba, imani, ibada, malaika, shetani, nabii, baraka, sadaka, Injili, Zaburi, hata kanisa lenyewe, yote ni ya mlango wa Kiarabu. Sababu yake ni ya kihistoria. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, Kiswahili kilikuwa lugha ya Waislamu kwa karne nyingi, na kila jambo la imani ya Mungu mmoja lilikuwa na jina. Mmisionari aliyetaka kutafsiri Biblia alikuwa na njia mbili: kutumia maneno yaliyopo, ambayo watu wameyazoea kwa maana ya Kiislamu, au kuleta mapya ambayo hakuna atakayeyaelewa. Kwa sehemu kubwa wamisionari walichagua yaliyopo.

Matokeo yake unayaona katika tahajia. Neno moja la Kiarabu limetupa "swala" kwa Waislamu na "sala" kwa Wakristo, na watu huandika hivyo kwa makusudi. Katika orodha yako yaweke mstari mmoja, ila uandike tofauti ya matumizi. "Zaka" nayo ni ya wote wawili, lakini si kitu kimoja. Kwa Mwislamu ni kiasi maalumu cha mali kilichofikia kiwango, na kwa Mkristo ni fungu la kumi. Kumbuka ushuru, ambao ndio uliotoka kwenye sehemu ya kumi. Kwa hiyo neno lililomaanisha sehemu ya kumi limekwenda forodhani, na sehemu ya kumi yenyewe imechukua jina jingine.

Lakini msingi haukukopwa. Mungu ni neno la Kibantu. Kuomba ni la Kibantu. Utakatifu umetokana na kutakata, yaani kuwa safi. "Roho Mtakatifu" ni ndoa ya lugha mbili: roho ya Kiarabu, utakatifu wa kwetu. Na "msalaba" na "kusulubu", ambavyo mwanafunzi hawezi kudhani ni ndugu, vina mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti tatu, s, l na b. Wape kazi ya kutafuta jozi nyingine kama hiyo: kitabu na katibu, hesabu na mhasibu, safari na msafiri. Hilo ni jaribio zuri la kutambua Kiarabu, kwa sababu Kibantu hakigeuzi irabu za ndani ya neno namna hiyo.

Wakatoliki walileta mlango wao wenyewe. Mapadri waliofika Bagamoyo mwaka 1868, na waliowafuata, walikuja na misa, ekaristi, sakramenti, altare, rozari, kwaresima. Hayo ni ya mlango wa Kilatini. Ndiyo maana sikukuu moja ina majina mawili: Noeli hupendwa zaidi na Wakatoliki, Krismasi ni ya Kiingereza na imeenea kwa wote. "Padri" ni la zamani zaidi, limetoka kwa Wareno.

Na Wareno ndio waliotupatia neno ninalolipenda kuliko yote katika nyanja hii, ingawa leo halimo tena ndani yake. "Gereza" ni *igreja*, yaani kanisa. Sikiliza jinsi lilivyobadilika: irabu ya mwanzo ikadondoka, konsonanti *gr* zilizoshikana zikatenganishwa kwa e, na ile sauti ya *j* ya Kireno, ambayo hatuna, ikawa z. Umbo linaeleweka. Maana je? Makanisa ya Wareno yalikuwa ndani ya ngome au kando yake. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na katika karne ya 19 ilifungiwa watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilitumika kuwa jela ya serikali tangu 1895 hadi 1958. Kanisa likawa jengo la ngome, na jengo la ngome likawa mahali pa wafungwa. Nilipokuwa mwalimu kijana niliwafundisha wanafunzi kwamba gereza ni Kiarabu kwa sababu tu lilisikika hivyo sikioni mwangu. Niliwapa alama waliokosea na kuwanyima waliopatia. Hivyo kuwa mpole ukisahihisha.

Uliweke wapi, dini au utawala? Weka kwenye nyanja ya matumizi ya leo, kisha andika pembeni nyanja lililotoka. Ukilazimisha kila neno likae kwenye chumba kimoja, utapoteza yale yenye hadithi.

Teknolojia ndipo walimu wengi wanapokosea kwa kuanzia na kompyuta. Anzia baharini. Teknolojia kubwa ya kwanza ya pwani hii ilikuwa chombo cha matanga, na lugha yake ina Kiajemi kingi: nahodha, bandari, na darubini, ambayo kwa Kiajemi ni kionambali. Maneno haya mengi yalipita kwa Waarabu na Wahindi kabla ya kutufikia, kwa hiyo rudia tahadhari ya safu mbili.

Kisha nenda kwa seremala. Mwombe fundi mmoja afungue sanduku lake mbele ya wanafunzi. Nyundo ni ya Kibantu. Msumari ni wa Kiarabu, *mismar*, na tazama ujanja wa lugha: kwa kuwa lilianza na m, tulilipa wingi wa misumari kama mti na miti. Parafujo ni ya Wareno, na kijana wa leo huiita skrubu, kutoka Kiingereza, ingawa ni kitu kile kile. Randa imepita India kutoka kwa Waajemi. Na kama fundi ana karakana, neno hilo ni la Kiajemi pia, maana yake nyumba ya kazi. Sanduku moja lina karne tano, na hakuna kamusi itakayomfurahisha mwanafunzi kama hilo.

Chombo cha tatu cha kukaa nacho ni simu. Wengi hudhani ni ufupisho wa neno fulani la Kiingereza. Sivyo. *Sim* kwa Kiajemi ni fedha, yule madini mweupe, na pia uzi wa madini, yaani waya. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulipitishwa chini ya bahari kutoka Adeni hadi Zanzibar, na watu wakauita kwa jina la kilichoonekana: waya. Ushahidi wa maana hiyo umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Telegrafu isiyo na waya ilipokuja, wazee waliiita "simu ya upepo". Jina hilo lina maana tu kama simu ya kawaida ilikuwa ile ya kwenye waya. Telegramu nayo iliitwa simu ya maandishi, kisha ikaja ya kuongea, kisha ya mkononi. Leo umebeba mfukoni waya usio na waya.

Magari ni ya Kihindi kwa jina na ya Kiingereza kwa viungo. "Gari" lilikuwa mkokoteni wa India, na treni ya kwanza ikaitwa gari la moshi. Hilo halishangazi ukikumbuka kwamba reli kutoka Mombasa kwenda ziwani, 1896 hadi 1901, ilijengwa na maelfu ya vibarua kutoka India. Viungo vilikuja baadaye na mafundi wa gereji: tairi, breki, gia, klachi, injini, jeki, spana. Meli ni ya Kiingereza pia, na inatokana na neno lao la posta: jahazi la moshi lililobeba barua, ambalo tangu 1872 lilifika Zanzibar kwa ratiba ya kila mwezi. Kenya wana "stima", iliyokuwa meli ya mvuke. Sasa kwa Mkenya stima ni umeme, na Mtanzania akiambiwa stima imekatika anaweza kubaki akitafuta bahari.

Katika gereji ndiko kuna mfano bora wa sarufi. Kile kipande kinachozuia matope juu ya gurudumu tulikipokea kwa Waingereza kikianza na sauti ya "mad". Sikio la Mswahili likasikia "ma-" ya wingi. Basi kama mengi ni madigadi, moja litakuwa digadi. Mzunguko wa barabarani nao ulikuwa na kibao cha Kiingereza kinachoamuru kushika kushoto. Tukasikia "ki-", tukasema kiplefti, na wingi viplefti. Ndivyo ilivyotokea karne nyingi kabla kwa kitabu na vitabu, wakati k na i ya Kiarabu haina uhusiano wowote na ngeli. Neno la mkopo likishapewa ngeli, limepata uraia.

Kwa kompyuta sitakuchosha. Kuna mabishano ya kudumu kati ya kukopa na kuunda. Tarakilishi imeundwa kwa tarakimu na akili, yote mawili ya mlango wa Kiarabu, kwa hiyo hata neno "letu" limejengwa kwa matofali ya mkopo. Runinga iliundwa, televisheni ilikopwa, na zote zinatumika. Intaneti imekopwa, mtandao ni wetu. Weka jozi hizo katika sehemu yake peke yake, na uwaagize wanafunzi wahesabu lipi wanalolisikia nyumbani.

Sasa namna ya kukagua. Kuna dalili chache za sauti zinazosaidia sana, mradi usizifanye sheria. Sauti dh, th na gh mara nyingi ni za Kiarabu: dhamana, thamani, ghali. Lakini kukosekana kwake hakuthibitishi kitu, kwa kuwa kitabu na saa ni Kiarabu na hazina hata moja. Dalili yenye nguvu zaidi ni kinyume chake: Kiarabu sanifu hakina p, v wala ch. Kwa hiyo pamba, pipa, kopo, mvinyo, chapa na chai hazikuingia kwa umbo hilo kutoka Kiarabu sanifu. Pamba ni Kiajemi, chapa ni Kihindi, pipa, kopo na mvinyo ni Kireno. Baadhi ya lahaja za Ghuba wana ch, ndiyo maana nasema sanifu.

Kwa vitenzi, tazama mwisho. Kitenzi cha Kibantu huishia a: soma, lima, uza. Kikiishia i, u au e, mara nyingi kimekopwa: fikiri, jibu, samehe, na sasa chaji. Kitenzi cha mkopo hukubali viambishi vyetu bila kinyongo, ndiyo maana tuna fikiria, jibiwa, sameheana.

Kosa litakalokusumbua kuliko yote ni la kufanana. Mwanafunzi atakuja na "kata" akidai ni Kiingereza, kwa kuwa Waingereza nao wana neno la kukata lenye mlio huo. Mwulize kama jirani zetu wanalo. Wanyarwanda wanasema *gukata*, na neno hilo au ndugu yake limo katika lugha nyingi za Kibantu zilizokuwa mbali na Waingereza. Basi ni letu, na kufanana ni bahati tu. Jaribio hilo la jirani ni rahisi kwako, maana darasa la Morogoro lina Waluguru, Wapogoro, Wachaga na Wasukuma. Neno likiwapo katika lugha zao likiwa na mabadiliko ya sauti yanayotarajiwa, ni urithi. Likiwapo kwa umbo lile lile la Kiswahili, huenda wamelichukua kwetu.

Kwa kila neno mpe mwanafunzi kadi moja. Kadi ya hela ingesomeka hivi. Maana ya leo: fedha. Nyanja: biashara. Mlango: Kijerumani. Umbo la huko: *Heller*. Maana ya huko: sarafu ndogo. Wakati: 1904. Ushahidi: sarafu yenyewe, na kutumika zaidi Tanzania kuliko Kenya. Kadi isiyo na mstari wa ushahidi irudishe. Kadi yenye milango miwili, kama ya duka, ipokee. Maneno ishirini kwa kila nyanja yanatosha kwa muhula mzima, na ukipata nafasi anza na lile sanduku la seremala kabla ya kugusa kamusi.